Wamekufa Wageni Tu

Ripoti yenyewe ina ukurasa mmoja na nusu. Juu kuna tarehe, kijiji, kata, idadi ya ng'ombe walio hai na waliokufa. Chini kuna sehemu tatu: kilichoonekana, sababu inayowezekana, ushauri kwa kundi. Mtu asiyejua angedhani ni karatasi ya ofisini kama nyingine. Siku ile watu kama arobaini walikuwa wamesimama karibu na zizi wakisubiri sehemu ya pili, na baadhi yao walikuja na fimbo.

Ilikuwa Machi 29, masika yameshaingia, mkoani Morogoro, kwenye kijiji ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimeongozana na daktari wa mifugo kwa sababu utafiti wangu wa uzamili unahitaji vipande vya tezi za ng'ombe. Yeye nitamwita Daktari tu, kama alivyoitwa na kila mtu pale. Kazi yangu ilikuwa kushika ndoo, kuandika lebo za chupa, na kuandika anayoyasema.

Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mfugaji, mwenye kundi la siku nyingi la ng'ombe thelathini na kitu. Mapema mwezi ule alikuwa amenunua wengine 19 mnadani, upande mkavu wa Dodoma, madume machache na mitamba, wote wakubwa, wenye nyama. Kibali cha kusafirisha alikuwa nacho, amekikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Wakafika Machi 2. Mchana walichungwa pamoja na wale wa zamani, usiku wakalala zizi jipya kwa sababu la zamani lilikuwa limejaa. Zizi hilo jipya lilipakana na shamba la mahindi la mkulima ambaye mwaka uliopita aligombana na mzee kwa ajili ya ng'ombe walioingia shambani.

Hadi asubuhi ile walikuwa wamekufa saba. Wote saba ni wa mnadani, wote wa zizi jipya. Hakuna hata ndama mmoja wa zamani aliyekohoa.

"Daktari, sumu hii," mzee alisema hata kabla hatujamaliza kusalimiana. "Usiku mtu anakuja, anamwaga dawa ya mahindi kwenye pumba. Nionyeshe ugonjwa unaochagua zizi."

Lilikuwa swali zuri, na ni vizuri kusema hivyo, kwa sababu watu wengi wanaolisikia simulizi hili hucheka hapo. Mzee alikuwa ameona mpangilio halisi wa vifo, na maelezo yake yalilingana nao. Isitoshe, mkoa ule una kumbukumbu. Desemba 2000, wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30 kwa shambulio moja. Neno sumu, likitamkwa mbele ya vijana wenye fimbo, si dhana ya kitaalamu tu. Mtendaji wa kijiji alikuwa amemweka yule mkulima chini ya mwembe, mbali kidogo, akiwa na mgambo wawili, na sijui kama walikuwa wanamlinda au wanamzuia asiondoke.

Daktari hakumjibu mzee. Alimwuliza tarehe. Nani aliumwa kwanza, siku gani, alianza na nini? Mzee hakuwa na daftari, ila alikuwa na mtoto wa kuchunga, kijana wa miaka kumi na minne hivi, ambaye alikumbuka kila kitu kwa siku za gulio. Wa kwanza alianza kubaki nyuma ya wenzake Machi 16. Hakula vizuri, masikio yamelala, "na hapa pamevimba," akashika chini ya sikio lake mwenyewe. Akafa Machi 22, akihema kwa shida na povu puani. Waliofuata walikwenda vivyo hivyo: siku nne hadi saba za kuumwa, kisha povu.

Nikaandika. Daktari akaniambia nipige mstari chini ya Machi 2 na Machi 16.

Mzoga wa saba ulikuwa umelala ubavu mbele ya zizi, umekufa alfajiri, povu jeupe lenye wekundu kidogo limejaa puani. Nilikuwa nimeshavaa gambuti na glavu, kisu kiko mkononi. Daktari akanizuia. Mzoga wa kifo cha ghafla au cha wengi haufunguliwi kabla ya kuuliza kama ni kimeta. Bakteria wa kimeta akiwa ndani ya mzoga uliofungwa huoza pamoja nao. Ukipasua, hewa inamfanya ajivike ganda, na ganda hilo linakaa ardhini miaka mingi likisubiri ng'ombe mwingine. Kosa la kisu la asubuhi moja linaweza kuchafua malisho kwa muda mrefu kuliko umri wa mchinjaji.

Kwa hiyo akaangalia kwanza. Je, damu imetoka puani, mdomoni, njia ya haja, ikabaki nyeusi bila kuganda? Mzoga umevimba haraka kuliko kawaida? Miguu imekakamaa au imelegea? Miguu ilikuwa imekakamaa. Puani kulikuwa na povu, na ule wekundu ulikuwa mstari tu, si damu inayotiririka. Bado hakuridhika. Alichoma ncha ya sikio kwa sindano, akapaka tone kwenye kioo, akakikausha na kukipaka rangi ya buluu pale pale juu ya boneti ya gari, ambako alikuwa na hadubini ndogo inayotumia mwanga wa jua. Kimeta huonekana kama vijiti vinene vilivyopangana, vimezungukwa na utando wa rangi ya waridi. Hakuviona. Wakati akiangalia akauliza, bila kuinua kichwa, kama kuna waliokula nyama ya wale wa mwanzo.

"Wawili tuliwala," mzee akasema.

"Kuna mwenye kidonda mkononi? Kipele cheusi kisichouma?"

Hakukuwa na mtu. Daktari akanyamaza kidogo, kisha akanipa ishara ya kisu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi povu lisivyosaidia. Kwa mtu wa nje, povu ndilo ushahidi wote: ng'ombe ametokwa povu, amelishwa kitu. Na kweli, dawa nyingi za kuulia wadudu wa mazao zinamfanya mnyama atokwe na mate mengi na mapafu yajae maji. Lakini ugonjwa tuliokuwa tunauwazia nao unaua kwa kujaza maji mapafuni. Tulipofungua kifua, mapafu hayakunywea kama inavyotakiwa. Yalikuwa mazito, yanang'aa, yamejaa hadi alama za mbavu zimebaki juu yake. Ukikata kipande, maji yanatoka. Bomba la hewa limejaa povu tangu kooni hadi linapogawanyika. Mpaka hapo mzee angeweza kuwa sahihi, na Daktari alilisema hilo kwa sauti ili watu wasikie.

Tofauti ilikuwa kwenye tezi. Ng'ombe ana tezi chini ya sikio, mbele ya bega, mbele ya paja, na nyingine nyingi ndani. Ya mbele ya bega, kwa ng'ombe mzima, unaipapasa chini ya ngozi bila kuiona. Hii ilikuwa imevimba karibu ukubwa wa ngumi yangu. Ya chini ya sikio ilikuwa imevimba hivyo hivyo, na ilipokatwa ilikuwa na maji na madoa ya damu. Figo zilikuwa na vidoa vyeupe juu ya ngozi yake, kama mtu amenyunyiza punje za mchele. Tumbo la nne lilikuwa na vidonda vidogo vyekundu. Bandama ilikuwa imekua kidogo, lakini si ile bandama nyeusi inayomwagika kama lami ya kimeta. Fizi hazikuwa za manjano, nyongo haikuwa nene, basi ndigana baridi ikarudi nyuma kwenye orodha. Mfuko wa moyo haukuwa na maji ya kutisha. Maji moyo nayo ikarudi nyuma.

Sumu inayoua kwa saa chache haina muda wa kuvimbisha tezi. Uvimbe ule ni wa siku nyingi: chembe nyeupe za damu zimevamiwa na kimelea, zinalazimishwa kugawanyika, na kimelea anagawanyika pamoja nazo. Kimelea huyu ni tileria, na ugonjwa wenyewe ni ndigana kali.

Daktari alikwangua tezi, akabandika kwenye kioo. Kisha akamfuata mtamba mmoja aliyekuwa bado amesimama, masikio yamelala, joto 41.2, akaingiza sindano kwenye tezi ya bega na kuvuta majimaji. Vioo hivi vilihitaji rangi ya Giemsa na hadubini kubwa ya wilayani, na niliviona jioni. Ndani ya chembe nyeupe, nyingi sana, kulikuwa na mafungu ya vidoto, ute wake wa buluu hafifu. Vitabu vinayaita vijibuluu vya Koch, kwa jina la Robert Koch, aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1890 akichunguza magonjwa ya ng'ombe.

Hapo nichepuke kidogo. Jina la Kiingereza la ndigana kali linataja pwani ya mashariki, yaani pwani yetu. Sotoka ilipofyeka ng'ombe wa kusini mwa Afrika mwishoni mwa karne ya 19, walowezi wakaagiza ng'ombe kutoka huku kwa meli. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakafika wakionekana wazima, na ng'ombe wa kule wakaanza kufa. Mwaka 1904 Arnold Theiler akaonyesha kwamba hii si ile homa ya kukojoa damu waliyoizoea bali kimelea kingine, na jamii ile ya vimelea sasa ina jina lake. Kule wageni waliwaua wenyeji. Kijijini kwa mzee, wageni ndio waliokufa. Ni ugonjwa ule ule na sababu ile ile.

Na sababu hiyo ndiyo jibu la swali la mzee. Kupe anayeubeba ni yule wa rangi ya kahawia anayependa ndani ya sikio. Anahitaji mvua na majani. Nyanda kavu za kati hazimfai. Ng'ombe aliyezaliwa kijijini kwa mzee anakutana naye akiwa ndama. Wengine hufa, wengi wa kienyeji huumwa kidogo na kupona, na anayepona hubaki na kinga, huku kimelea kidogo kikibaki damuni mwake kikisubiri kupe mwingine. Kwa hiyo zizi la zamani lilikuwa na kinga, na pia lilikuwa ghala la ugonjwa. Wale 19 walikulia mahali pasipo na kupe huyo. Waliletwa wakubwa, mwezi wa mvua, kupe wakubwa wamejaa kwenye majani, wakachungwa katikati ya wenye nacho.

Daktari alimweleza mzee hivi: "Baba, hawa wako wa zamani waliumwa utotoni, wakamaliza. Hawa uliowanunua hawajawahi kuuona. Ni kama mtu mzima kupata surua."

Mzee akafikiri. "Na zizi?"

"Zizi halina kosa. Ungewalaza wote zizi moja, wangekufa hawa hawa."

Kisha akamrudisha kwenye tarehe nilizozipigia mstari. Kupe anapong'ata, kimelea hakiingii mara moja. Kinakomaa kwenye tezi za mate za kupe kwa siku tatu au nne za kunyonya. Baada ya hapo homa huanza kama wiki moja hadi mbili baadaye, na kifo, kwa kawaida, kati ya wiki ya tatu na ya nne tangu kupe ashike. Walifika Machi 2, wa kwanza aliumwa Machi 16 na akafa Machi 22. Mtu mwenye sumu angehitaji kuwa na subira ya ajabu ili afuate kalenda hiyo kwa ng'ombe saba.

Tulipogeuza masikio ya mtamba mgonjwa, ndani kulikuwa na kupe kama punje za ulezi zilizobandikwa, baadhi wameshiba. Mzee alikuwa anapulizia dawa kila wiki mbili, kwa bomba la mgongoni, na aliona mgongo na tumbo vimelowa vizuri. Masikioni bomba halikufika. Na wiki mbili, kwa kupe anayehitaji siku nne, ni nafasi ya kutosha kabisa.

Mzozo mkubwa ulikuja kwenye uandishi. Mtendaji alitaka ripoti iandike kwamba hakuna sumu. Alikuwa na sababu ya heshima: alikuwa na mtu chini ya mwembe. Mzee naye, ambaye sasa alikuwa ameanza kuamini, alitaka neno "hakika". Daktari aliwakatalia wote wawili. Alinitamkia niandike: "Hakuna dalili ya sumu iliyoonekana katika mzoga uliochunguzwa." Na chini yake: "Sababu inayowezekana: ndigana kali."

"Mbona inayowezekana?" mtendaji akauliza, na mimi moyoni nilikuwa nauliza hivyo hivyo.

Alimjibu taratibu. Tumefungua mzoga mmoja kati ya saba, sita sikuwaona. Vioo sijavisoma. Harufu ya dawa ya wadudu sikuisikia tumboni, lakini pua yangu si maabara. Alikuwa ameshaweka yaliyomo tumboni na kipande cha ini kwenye chupa mbili safi, bila formalini kwa sababu formalini ingeharibu kipimo, akazifunga kwa lakiri mbele ya mtendaji na kuandika saa. Mtu akitaka kwenda mahakamani, chupa hizo zingepelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ripoti inayodai zaidi ya ilichokiona, alisema, wakili ataichana kwa swali moja, na huyu mkulima atabaki mtuhumiwa maisha yake yote.

Nimezisoma ripoti nyingi kwa ajili ya utafiti wangu, na zilizo mbaya zina kasoro moja: sababu imeandikwa kwa uhakika na kilichoonekana kimeandikwa kwa maneno matatu. Hii ilikuwa kinyume. Tezi zilipimwa kwa sentimita. Povu liliandikwa rangi. Bandama, ambayo haikuwa na kitu, iliandikwa kwamba haikuwa na kitu, kwa sababu msomaji wa kesho anahitaji kujua kwamba iliangaliwa.

Aliacha pia jambo ambalo mimi ningeliweka. Jioni ile tulisoma damu ya ng'ombe wawili wa zamani, wazima kabisa, tukaona ndani ya chembe nyekundu chache vidoto vya tileria. Nilifurahi: huu hapa ushahidi wa ghala! Daktari akatikisa kichwa. Kuna tileria wengine wasioua, na kwa hadubini vidoto vyao ndani ya chembe nyekundu vinafanana mno. Aliandika "vimeonekana vimelea vya jamii ya tileria, spishi haikutambuliwa" na kukiweka kwenye kilichoonekana, si kwenye sababu. Vijibuluu vya tezi, pamoja na mapafu na tarehe, ndivyo vilivyobeba uzito. Baada ya vioo, neno "inayowezekana" lilibadilishwa kuwa "inayowezekana sana". Zaidi ya hapo hakwenda.

Ushauri ulikuwa na haraka kuliko yote, kwa kuwa wageni 12 walikuwa bado hai na watatu kati yao wana homa. Hao watatu walichomwa bupavakwoni palepale, mililita moja kwa kila kilo 20 za uzito, msuli wa shingo, na kurudia baada ya saa 48 kama homa ipo. Mtamba wa kilo 240 ni mililita 12, na bei yake ilimfanya mzee afumbe macho. Daktari hakumficha kwamba dawa inaua kimelea lakini haikaushi mapafu. Aliyeanza povu amechelewa. Waliobaki tisa walipimwa joto kila asubuhi na yule kijana, kwa kipimajoto alichoachiwa, na atakayefika 39.5 achomwe siku hiyo hiyo bila kusubiri tezi zivimbe. Dawa ya kupe kila siku ya nne hadi mvua zikate, kipimo cha maji kwa chupa na si kwa jicho, na masikio yapakwe kwa mkono. Kwa wale wa zamani alishauri kinyume na mzee alivyotarajia: wasiogeshwe kwa ukali huo huo, kwa sababu ndama wao wasipoonja kupe kabisa watakua wageni nyumbani kwao.

Mkulima alisomewa ripoti na mtendaji. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama jina lake limeandikwa popote. Halikuwa limeandikwa. Akaomba nakala.

Kati ya wale 12 walikufa wengine wawili, mmoja akiwa tayari ameshachomwa. Nyongeza ya ripoti, ya katikati ya Aprili, inasema hivyo kwa mistari minne, na mwisho inapendekeza chanjo kwa watakaonunuliwa baadaye, wachanjwe na wapone kabla hawajaanza kuchungwa. Chanjo ya ndigana kali ni kimelea hai, kinachohifadhiwa kwenye naitrojeni ya baridi kali na kuchomwa pamoja na oksitetrasaiklini inayokaa muda mrefu mwilini, ili mnyama aumwe kidogo na kupona. Ikishayeyushwa haigandishwi tena. Lazima ng'ombe wa kutosha wawe wamekusanyika siku moja. Ng'ombe wa mzee peke yake hawakutosha. Mtendaji akaanza kuandika majina ya wenye ndama pale kijijini, na la tano kwenye karatasi yake lilikuwa la yule mkulima, ambaye ana ng'ombe wanne wa maziwa nyuma ya nyumba.